Rufaa si kilio: jukwaa likikuamulia vibaya, jibu ile sababu

Leo tunaandika kwa hasira kidogo, mtuvumilie.

Kila wiki tunaletewa ujumbe ule ule. Unatoka Kismayo, unatoka Dadaab, unatoka Mombasa kwa ndugu zetu wa visiwani waliokimbilia huko. Kijana amefanya kazi ya mtandaoni, mteja amekataa kulipa, mgogoro umefunguliwa, na jukwaa limempa mteja pesa zote. Kijana anatuomba tumsaidie kuandika rufaa. Tukimwambia atuoneshe alichoandika, tunakuta hivi: mimi ni mkimbizi, nina mama mgonjwa, nimekesha usiku tatu, umeme ulikatika, Mungu anaona, tafadhali nihurumieni.

Yote ni kweli, na yote hayasaidii. Hatusemi hivi kwa kudharau shida ya mtu, maana shida hiyo ni yetu sote. Tunasema hivi kwa sababu anayesoma rufaa hakuulizwa kama una shida. Ana foleni ya kesi mbele yake, na swali lake ni moja tu: je, humu ndani kuna kitu kinachovunja ile sababu iliyotumiwa kuamua mara ya kwanza? Kama hakipo, anafunga faili na kwenda kwenye kesi inayofuata. Na majukwaa mengi yanakupa nafasi ya rufaa mara moja tu. Ukiijaza machozi, umeitumia.

Tuchukue kesi moja tuione yote. Ni ya mwenzetu, ametupa ruhusa tuieleze, jina lake na la jukwaa tunayaacha.

Alipewa kazi ya kuandika maneno yaliyomo kwenye rekodi za sauti. Wazee wa pwani, kuanzia Kismayo kushuka Koyama, Chovai na Chula, wanazungumza Kibajuni kuhusu uvuvi na majahazi. Rekodi zilikuwa sita, dakika thelathini kila moja, jumla dakika 180. Bei ilikuwa dola 1.20 kwa dakika, yaani dola 216, zimegawanywa awamu tatu za dola 72, faili mbili kila awamu. Faili ya kwanza na ya pili mteja alizipokea, akasifu, akalipa. Kwa nne zilizobaki akafungua mgogoro. Uamuzi ukatoka: dola 144 zirudi kwa mteja. Sababu zilizoandikwa zilikuwa tatu. Faili 3 na 4 zimejaa makosa ya tahajia ya Kiswahili. Faili hizo hizo zilichelewa. Faili 5 na 6 hazikuwasilishwa. Muda wa kukata rufaa: siku saba.

Kitu cha kwanza tulichofanya naye ni kunakili sababu hizo tatu kwenye karatasi, maneno yale yale bila kuongeza. Wengi wetu tunaruka hatua hii. Tunasoma "umeshindwa" halafu tunaanza kubishana na mteja, huku mteja hayumo tena kwenye mazungumzo. Anayehitaji kujibiwa ni uamuzi. Kama uamuzi una sababu tatu, rufaa ina majibu matatu kwa mpangilio ule ule, na ukiacha sababu moja bila jibu, hiyo moja inatosha kukushinda.

Sababu ya kwanza, tahajia. Mteja alikuwa ameweka orodha ya maneno 14 aliyosema yamekosewa. Ameandika "moya", alitaka "moja". Ameandika "mai", alitaka "maji". Mwenzetu alitaka kujibu kwa ukurasa mzima wa kueleza Kibajuni ni nini na kwa nini ni lugha ya heshima. Tukamzuia. Anayeamua hajui Kiswahili, hawezi kupima hoja ya lugha, na asichoweza kukipima hatakitumia. Inabidi umpe kitu anachoweza kukihakikisha kwa macho yake ndani ya dakika mbili, hata kama hajui neno moja la lugha yako.

Tukavipata vitu viwili. Cha kwanza ni ujumbe wa mteja mwenyewe, ndani ya jukwaa, siku moja kabla ya mkataba kuanza: andika kama wanavyotamka, usisahihishe. Ujumbe huo ni sehemu ya makubaliano. Cha pili kina nguvu zaidi. Maneno yale yale, "moya" na "mai", yamo kwenye faili ya 1 na ya 2, zile alizozisifu na kuzilipia. Tukatengeneza jedwali dogo: neno, dakika na sekunde linaposikika kwenye rekodi, limeandikwaje faili ya 3, limeandikwaje faili ya 1 iliyolipwa. Anayesoma hahitaji kujua Kiswahili. Anaona tu kwamba herufi ni zile zile, mara moja zikalipwa, mara ya pili zikakataliwa.

Kati ya yale maneno 14, kumi na moja yalikuwa matamshi ya Kibajuni na matatu yalikuwa makosa ya kuandika kweli. Tukayakubali hayo matatu waziwazi kwenye rufaa na kuambatanisha faili iliyosahihishwa. Wapo walioona tunajimaliza. Kinyume chake. Anayesoma akikuta umekiri kile kilicho kweli, anakuamini kwenye yale kumi na moja. Akikuta unakana kila kitu, hata lililo wazi, anakushuku kwa yote.

Sababu ya pili, kuchelewa. Hapa tuseme jambo ambalo watu wa pwani yetu tunaumizwa nalo bila kujua. Saa yetu na saa ya jukwaa si moja, na hazitofautiani mara moja bali mara mbili. Kwanza, sisi tunahesabu saa kwa jua: saa saba usiku ya kwetu ndiyo 01:00 ya simu. Pili, majukwaa mengi huweka mwisho wa kazi kwa saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC, na Kismayo, Dadaab na Mombasa zote ziko mbele yake kwa saa tatu. Mwenzetu alituma faili saa saba na robo usiku wa kuamkia tarehe 4. Simu yake ikasema 01:15, tarehe 4. Mwisho wa kazi ulikuwa 23:59 UTC, tarehe 3. Halafu akamwandikia mteja, kwa nia njema kabisa, "nimetuma leo tarehe 4". Mteja akalipiga picha neno hilo, akalipeleka kama ushahidi wa kuchelewa.

Ukihesabu, 01:15 ya tarehe 4 kwetu ni 22:15 UTC ya tarehe 3. Faili ziliingia saa moja na dakika 44 kabla ya mwisho. Hatukubishana, tuliandika mstari mmoja wa hesabu na kuonesha kumbukumbu ya jukwaa lenyewe ya muda faili zilipopokelewa. Kumbuka hili: ushahidi bora ni ule uliotengenezwa na mtu asiye wewe, wakati ule ule jambo lilipotokea. Kumbukumbu ya jukwaa inashinda picha ya skrini yako, na picha ya skrini ya siku ile inashinda maelezo unayoyaandika leo.

Sababu ya tatu, faili 5 na 6 hazikuwasilishwa. Hapa palituuma. Faili zilitumwa, lakini kwa WhatsApp, kwa sababu mteja alisema huko ni haraka zaidi. Tulikuwa na picha ya tiki mbili za bluu. Tuliiambatanisha, tukijua ni dhaifu: jukwaa haliwezi kuthibitisha namba ile ni ya mteja yule, wala faili iliyopokelewa ni ipi. Ujumbe wa mteja wa kuhamia WhatsApp nao ulikuwa huko huko WhatsApp, si kwenye jukwaa.

Rufaa nzima ikawa ukurasa mmoja. Iliandikwa kwa Kiingereza chepesi, hapa tunaiweka kwa lugha yetu ili muone umbo lake:

"Naomba uamuzi wa kesi hii upitiwe upya. Uamuzi una sababu tatu, nazijibu kwa mpangilio.

Moja, tahajia. Mteja aliagiza niandike kama wazungumzaji wanavyotamka (Kiambatisho A, ujumbe wake). Maneno 11 kati ya 14 anayolalamikia yameandikwa hivyo hivyo kwenye faili 1 na 2 ambazo alizikubali na kuzilipia (Kiambatisho B, jedwali). Maneno matatu yalikuwa makosa yangu ya kuandika, yamesahihishwa (Kiambatisho C).

Mbili, muda. Mwisho ulikuwa tarehe 3, 23:59 UTC. Kumbukumbu yenu inaonesha faili zilipokelewa tarehe 3, 22:15 UTC. Ujumbe wangu uliosema 'tarehe 4' ulitumia saa ya Kismayo, UTC+3 (Kiambatisho D).

Tatu, faili 5 na 6. Nilizituma nje ya jukwaa kwa maombi ya mteja (Kiambatisho E). Naziwasilisha sasa ndani ya jukwaa.

Naomba nilipwe dola 72 za awamu ya pili, na dola 72 za awamu ya tatu."

Hakuna mama mgonjwa, hakuna umeme kukatika, hakuna neno moja baya juu ya mteja. Viambatisho vitano, kila kimoja na jina linaloeleza kina nini. Msiweke picha 30 zenye majina ya namba ndefu mkitarajia mtu azipekue. Hatazipekua.

Jibu likaja: awamu ya pili alipwe, awamu ya tatu hapana. Dola 72 zikarudi, dola 72 zikapotea. Hatujifanyi tumeshinda yote. Lakini angalieni mstari ulipopita. Kila kilichokuwa ndani ya jukwaa kilirudi, na kila kilichotoka nje kilipotea. Anayekuambia "tumalizie WhatsApp" anakuhamisha kutoka mahali penye shahidi kwenda mahali pasipo na shahidi, awe na nia mbaya au hana.

Sasa sisi watu wa pwani hii hatuna sababu ya kushangazwa na mambo haya. Wazee na dada zetu wameyapitia mahali pakubwa zaidi ya dola 144. Wabajuni waliofika Uingereza kuomba hifadhi walipigiwa simu, sauti zao zikarekodiwa, zikapelekwa kampuni ya Sprakab kule Stockholm, na ripoti ikarudi kusema huyu anatoka wapi. Wengine waliambiwa Kiswahili chao ni cha Kenya, kwa hiyo si Wabajuni wa Somalia. Mwaka 2010 kesi ya mwanamke mmoja aliyesema ni Mbajuni, inayojulikana kwa herufi RB, ilifika Baraza la Juu la Rufaa la uhamiaji, na baraza likaiegemea ripoti ya kampuni hiyo. Alishindwa, na mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ikamkatalia pia.

Lakini mwaka 2014 kesi nyingine mbili za Wasomali zilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Mawakili hawakusimama kulia kwamba ripoti ni za uonevu. Walihoji misingi yake: anayesema mtu huyu hajui mambo ya kwao amepata wapi utaalamu huo? Kazi yake ni lugha, kwa nini anatoa maoni kama mtu ni mkweli au mwongo? Mahakama ikasema ripoti kama hizo zinaweza kutumika, ila hakuna uzito uliopangwa mapema kwa kila kesi, na mchambuzi asivuke mipaka ya utaalamu wake. Halikuwa pigo la kuiangusha kampuni. Ilikuwa ni kuonesha ripoti inasimama juu ya nini, na pale isipokuwa na kitu chini yake.

Tazameni kejeli yenyewe. Ulaya tuliambiwa tunaongea Kiswahili sanifu mno kuwa Wabajuni. Kwenye jukwaa tunaambiwa Kibajuni chetu ni Kiswahili kibovu. Kote kuwili anayeamua haijui lugha. Na kote kuwili dawa ni ile ile: kumpa kitu anachoweza kukipima.

Kuna mahali rufaa haifiki, na ni bora tuwaambie. Kwanza, ukifanya kazi kwa akaunti ya kukodi, ya mtu wa Nairobi mwenye kitambulisho kinachokubalika, huna kesi. Kila ushahidi utakaotoa kuthibitisha wewe ndiye uliyefanya kazi unathibitisha pia kwamba akaunti si yako, nayo itafungwa. Tunajua kwa nini vijana wanazikodi. Bado ndivyo ilivyo. Pili, angalia nani ameamua. Kama mteja alilipa kwa kadi, na pesa zimevutwa kupitia benki yake, mwamuzi ni benki. Jukwaa linapeleka tu karatasi, kwa hiyo ushahidi wako uuandae kwa haraka na kwa muda wanaokupa wao. Tatu, usiguse picha. Ukifuta mstari mmoja kwenye mazungumzo ili upendeze, na wao wanayo mazungumzo kamili, umeshindwa kesi hiyo na zote zinazokuja.

Na walio upande wa Kenya wajue kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba data zako zilizoshikiliwa na kampuni. Kifungu cha 35 kinagusa uamuzi uliofanywa na mashine peke yake: unaweza kuomba upitiwe upya. Haikurudishii pesa moja kwa moja, lakini mtu aliyefungiwa akaunti anaweza kuitumia kudai kumbukumbu ambazo hazioni tena.

Sasa tugeuke kwenu, ndugu zetu wa mashirika. Tumehudhuria mafunzo yenu ya kazi za kidijitali, na tunashukuru kwa kompyuta na bando. Lakini mnatufundisha kufungua profaili, kupiga picha nzuri, kuandika maombi ya kazi, halafu mnatupa cheti na kutuhesabu kwenye ripoti kuwa tumeajiriwa. Siku ya mgogoro hampo. Hatukuwahi kusikia kwenye mafunzo kwamba Upwork, kwenye kazi ya bei moja, humpa mteja siku 14 za kukagua baada ya kazi kuwasilishwa rasmi, na akinyamaza pesa zinatoka. Wala kwamba ulinzi wake wa malipo kwa kazi za saa unategemea ile programu yao inayopiga picha za skrini yako, na saa unazoziandika kwa mkono hazilindwi. Wala kwamba Fiverr huhesabu siku tatu tangu uwasilishe. Tofauti ya "kuwasilisha" na "kutuma" ndiyo tofauti ya kulipwa na kutolipwa, na hatukufundishwa.

Kwa hiyo tunadai vitu viwili, si vingi. Kabla ya somo la profaili, liwepo somo la mgogoro: mpeni kila kijana uamuzi wa mfano, rundo la ujumbe, na saa mbili aandike rufaa ya ukurasa mmoja. Na awepo mtu mmoja kwenye ofisi ya mradi anayejua kusoma masharti ya majukwaa, mwenye mtandao usiokatika, anayeweza kuketi na kijana ndani ya zile siku saba. Siku saba ni nyingi kwa mtu wa London. Kwa mtu anayesubiri zamu ya kompyuta, na bando limeisha, siku mbili zinabaki.

Nanyi vijana wenzetu, mkitushirikisha kesi, msitutumie kwanza hadithi. Tutumieni uamuzi wenyewe kama ulivyoandikwa, makubaliano ya mwanzo, na tarehe ya mwisho ya rufaa kwa UTC. Hayo matatu yakiwepo, tutakaa nanyi usiku huo huo. Na mliopo katikati ya kazi sasa hivi, bila mgogoro wowote: mteja akikuambia jambo kwa simu au WhatsApp, rudi ndani ya jukwaa uandike mstari mmoja, "kama ulivyosema leo, nitaandika kama wanavyotamka, sitasahihisha." Akijibu sawa, umeshapata shahidi. Akinyamaza, mstari bado umo, na tarehe yake haifutiki.